Diploi ya Ijumaa jioni Mtwara: msimbo ulirudi, kilo hazikurudi

Naandika kisa hiki chote mwanzo hadi mwisho maana vijana wengi nikiwaambia "usidiploi Ijumaa jioni", yaani usipandishe toleo jipya la mfumo kwenye seva, wanaitikia tu, ila ukiwauliza kwa nini hawana jibu zaidi ya kwamba weekendi watu hawapo. Hiyo ni sababu ndogo. Kilichotuumiza sisi ni kwamba dogo wetu wa ofisini alirudisha msimbo wa zamani haraka, na bado mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu namba zilizokuwa ndani ya databesi zilishabadilika na hazikurudi na msimbo.

Ofisi yetu ipo Mtwara mjini, tupo watatu. Tuna mfumo unaotumiwa na vyama vya msingi kadhaa, vingi viko upande wa Tandahimba na Newala, kupokelea korosho za wakulima. Kwa asiyejua, huku kusini tangu msimu wa 2007 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapewa daraja, anapewa karatasi, mzigo unaenda ghala kuu, halafu unasubiri mnada. Sisi tunashika ile hatua ya mizani tu. Karani ana simu yenye apu yetu, anaingiza uzito, mkulima anapata meseji ya kilo zake. Hiyo meseji ina uzito wake kwa kweli, maana kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa ndo kitu pekee mkulima anacho pamoja na ile karatasi.

Sasa vijijini mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo apu inahifadhi kila mzigo kwenye simu kwanza, halafu ikipata mtandao inatuma yote kwa mkupuo. Makarani wengi wanapima mchana kutwa, wanafunga mizani jioni, wanasogea sehemu yenye mtandao, ndo simu zinaanza kumwaga data. Ukiangalia seva yetu msimu wa korosho, mchana imetulia, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja usiku ndo inapata kazi. Kumbuka hilo.

Tatizo lililoanzisha yote lilikuwa la kweli. Uzito kwenye jedwali la `mizigo` ulikuwa umehifadhiwa kama `FLOAT`, ambayo kwenye MySQL inashika tarakimu kama saba hivi tu na desimali zake ni za kukadiria. Ukiwa na mzigo mmoja wa kilo 62.4 huoni kitu, ila ukijumlisha mizigo mamia kwa ajili ya ripoti ya chama, vijisehemu vinaibuka. Mwenyekiti mmoja alituonyesha ripoti yake imeandika 18340.7001 wakati daftari linasema 18,340.7, akauliza hizo za mwisho ni za nani. Ana haki kabisa ya kuuliza. Dogo akapewa kazi ya kurekebisha.

Akaamua uzito wote uhifadhiwe kwa gramu, namba nzima, bila desimali. Wazo lenyewe sio baya, kwenye hela watu wanafanya hivyo hivyo wanahifadhi senti. Mi ningetumia `DECIMAL` tu basi imeisha, ila sikumwambia, na mabadiliko yake niliyapitisha mimi nikiwa nimeangalia kurasa za ripoti bila kufungua faili la migresheni, lile linalobadilisha jedwali lenyewe. Ningelifungua ningeona hivi:

```sql
UPDATE mizigo SET uzito = uzito * 1000;
ALTER TABLE mizigo MODIFY uzito INT UNSIGNED NOT NULL;
```

Yaani kolamu ni ile ile, jina ni lile lile, ila maana ya namba iliyomo imebadilika. Jana 62.4 ni kilo, leo 62400 ni gramu, na hakuna kitu chochote kwenye rekodi kinachokwambia hii ni kilo au hii ni gramu. Na upande wa kurudi nyuma, ile `down()` ya Laravel, fremu tuliyojengea mfumo, ilikuwa tupu.

Ijumaa hiyo saa kumi na moja na dakika ishirini jioni akadiploi. Mimi nilikuwa nimeshapanda bajaji narudi Mikindani. Alijaribu kwa ile fomu ya wavuti ya ofisini, kilo 80 ikaingia, ikaonekana 80, ripoti ikatoka safi bila vile vijisehemu. Akafurahi, ana haki. Mtu wa ofisini akaingiza mizigo mingine mitatu kwa fomu hiyo hiyo, yote ikakaa sawa.

Ila fomu ya wavuti na simu za makarani zinapita njia mbili tofauti kwenye seva. Ile ya wavuti aliiwekea mara elfu kabla ya kuhifadhi, ile ya simu hakuigusa. Simu ikituma 62.4, seva inaichukua hivyo hivyo inaiweka kwenye kolamu ya namba nzima, MySQL haigombi wala nini, inakadiria tu inaweka 62. Halafu msimbo mpya ukienda kuandika meseji unaona 62, unajua hiyo ni gramu, unagawa kwa elfu.

Saa kumi na mbili na dakika kumi karani wa kwanza akapiga. Pembeni yake alikuwa amesimama mama mmoja ameshika simu ya kitochi, na meseji yenyewe karani alinisomea baadae neno kwa neno: "Umepokelewa korosho kilo 0.06 daraja la kwanza." Mama yule kaleta karibu gunia zima, kalipanga mwenyewe, kaona mizani kwa macho yake. Anamuuliza karani, "Mwanangu, kilo zangu mmezipeleka wapi?" Na huku kwetu watu wameshapunjwa sana na wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo, hilo swali halikuwa la teknolojia hata kidogo, ni swali la kumwambia karani mwizi mbele ya watu.

Dogo hakunipigia. Alifanya kile tulichomfundisha: kuna shida, rudisha nyuma kwanza, uchunguzi baadae. Akaandika `php artisan migrate:rollback`, ikamjibu imefanikiwa. Akaelekeza kiungo cha `current`, kinachoiambia seva itumie toleo lipi, kwenye toleo la wiki iliyopita. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano msimbo wa zamani ukawa hewani.

Hapo ndo palipochafuka. Akafungua ukurasa wa wavuti akaona wakulima wa jana na juzi wana kilo 62400, kilo 71600, mtu mmoja ana tani mia na kitu. Msimbo wa zamani unasoma namba unadhani ni kilo, hauna habari kwamba zilizidishwa. Wakati huo huo makarani wanaendelea kupiga simu kwamba meseji bado zinasema 0.06, 0.07. Yaani wavuti inazidisha, meseji inapunguza, na yeye anajua ameshatoa toleo jipya. Saa kumi na mbili na dakika hamsini akanipigia, sauti imebadilika: "Dada, nimerudisha lakini haijarudi."

Nikamwambia kitu kimoja tu kwanza, funga mlango:

```
php artisan down
```

Hiyo inafanya seva ijibu 503, yaani huduma haipo kwa sasa, kwa kila anayekuja. Kwa mfumo mwingine hilo lingekuwa balaa, ila kwetu ndo dawa, maana apu isipopata jibu zuri haipotezi kitu, inashikilia mizigo yake na kujaribu tena baadae. Kila dakika tuliyokuwa wazi tulikuwa tunaongeza rekodi mbovu juu ya rekodi mbovu. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili tukawa tumeacha kuzidisha kosa, na hapo unaweza kukaa ukafikiri. Kama alitakiwa kufanya jambo moja tofauti jioni ile, ni kufunga mlango kabla ya kurudisha chochote, maana kwa dakika zile ishirini na saba msimbo wa zamani nao ulikuwa unapokea mizigo kwenye kolamu isiyo ya kwake, na unakata desimali vile vile.

Nikageuka na bodaboda kurudi mjini. Tulipokaa, cha kwanza tulichotaka kujua ni kwa nini meseji ziliendelea kugawa kwa elfu wakati msimbo umesharudi. Jibu lilikuwa kwenye foleni. Meseji zetu zinatumwa na programu mbili zinazokaa zinasubiri kazi nyuma ya seva, na programu za namna hiyo zikishawaka zinashika msimbo kwenye kumbukumbu, haziendi kusoma faili upya. Script yetu ya kudiploi mwishoni ina `php artisan queue:restart`, kwa hiyo wakati wa kwenda mbele zilichukua msimbo mpya. Wakati wa kurudi dogo alibadilisha kiungo kwa mkono, mstari huo haukupita, zikabaki na msimbo mpya. Ukiona seva yako ina akili mbili, ukurasa unasema hivi na kazi za nyuma zinasema vile, nenda moja kwa moja kwenye foleni kabla hujatafuta kwingine.

La pili lilikuwa limejificha, na kwangu hili ndo la kutisha zaidi. Ile `migrate:rollback` yenye `down()` tupu haikurudisha kitu, ila Laravel iliamini imerudisha, ikafuta migresheni ile kwenye orodha ya zilizokwishafanyika. Tukarudisha faili la toleo jipya pembeni tukaangalia `migrate:status`, ikaandika `Pending`. Maana yake Jumatatu mtu yeyote angediploi toleo lolote lenye faili lile, hata amerekebisha kila kitu kingine, uzito wote ungezidishwa kwa elfu mara ya pili. Tukalifuta faili kabisa hapo hapo.

Sasa data. Wazo la kwanza la kila mtu ni bakapu. Tunayo, inachukuliwa kila siku saa nane usiku. Kuirudisha kungetupa namba safi za alfajiri ya Ijumaa, na kufuta kila kilichoingia Ijumaa nzima. MySQL ina logi za mabadiliko ambazo ungeweza kuzicheza kutoka bakapu hadi dakika ya kabla ya diploi, ila hata hivyo mizigo iliyokuja baada ya hapo inabidi uishughulikie kivyake. Na hesabu yenyewe ya kurudi haikuwa ngumu, gramu gawa kwa elfu ni kilo. Swali lilikuwa moja tu: zipi ni gramu na zipi ni kilo?

Mi nikaandika kwa haraka: kila rekodi yenye `created_at` kabla ya saa kumi na moja na ishirini gawa kwa elfu, za baadae ziache. Nikawa nimeshaweka kidole. Dogo akasema, "Dada subiri, `created_at` ya simu sio muda wa seva." Na ni kweli, apu inatuma muda ule karani alipopima, sio muda data ilipofika. Mzigo wa yule mama ulipimwa asubuhi saa nne, ukafika kwetu karibu saa kumi na mbili jioni ukiwa kilo 62, na kwenye `created_at` umeandikwa saa nne asubuhi. Kwa sharti langu ungegawanywa kwa elfu, na sio wake tu, ni karibu mizigo yote ya jioni ile maana nani anapima baada ya saa kumi na moja na ishirini. Ningewarudishia watu 0.06 mara ya pili, safari hii ikiwa imeandikwa kabisa kwenye databesi. Yeye ndo aliyekuwa ameandika sehemu hiyo ya apu, ndo maana alikumbuka.

Kinachotolewa na seva yenyewe, kwa mpangilio wa kufika, ni `id`. Kwa hiyo tukahitaji `id` ya kwanza baada ya migresheni. Jedwali la kumbukumbu za meseji linaandika kila mzigo na muda halisi meseji ilipotoka, tukalinganisha na logi ya diploi, tukapata 48217. Rekodi ya mwisho ilikuwa 48363, yaani zimeingia 147 tangu diploi: nne za wavuti ambazo ni gramu za kweli, na 143 za simu ambazo ni kilo zilizokatwa desimali.

Tukahakiki kwa macho pia. Mizigo ya chini ya `id` ile yote ilikuwa maelfu kwenda juu, ya simu baada yake yote makumi na mamia. Wengine wangetumia ukubwa huo peke yake kutenganisha, namba kubwa gramu, ndogo kilo, ila unaweza kukuta mzigo wa kilo 3 ambao kwa gramu ni 3000, na mzigo wa kilo 3000 wa mkulima mkubwa, hizo mbili zinafanana kabisa. Ukubwa unafaa kuhakiki, kutenganisha tumia `id`.

Tukanakili jedwali zima pembeni kwanza, halafu:

```sql
ALTER TABLE mizigo MODIFY uzito DECIMAL(10,3) NOT NULL;
START TRANSACTION;
UPDATE mizigo SET uzito = uzito / 1000
WHERE id < 48217 OR chanzo = 'wavuti' AND id >= 48217;
```

Mpangilio huo una sababu. Ukigawa kabla ya kubadilisha kolamu, 62400 gawa kwa elfu inaingia kwenye namba nzima inakuwa 62, umepoteza desimali za msimu mzima kwa mstari mmoja. Na `ALTER` ipo nje ya `START TRANSACTION` kwa sababu MySQL ikikutana na `ALTER` inathibitisha kila kilichokuwa kinasubiri, hata kama hukuagiza. Wale wanaotumia PostgreSQL wanaweza kuweka vyote ndani na kughairi, sisi hatuna hiyo.

Hatujawahi kufuta rekodi, kwa hiyo tulitegemea zibadilike 48,216 za zamani na nne za wavuti, 48,220. Ikajibu 48,220. Tukajumlisha kilo za vyama vitatu hadi Alhamisi tukalinganisha na ripoti zilizochapishwa Ijumaa asubuhi, zikakutana. Ndo tukaandika `COMMIT`, tukapitisha `queue:restart`, tukafungua mlango kwa `php artisan up`. Ilikuwa saa nne na nusu usiku, na chipsi tulizoagiza zilishapoa mezani hakuna aliyezigusa.

Zikabaki zile 143. Hizo huwezi kuzihesabu zirudi, 62 inaweza kuwa 61.8 au 62.4, desimali haipo tena popote kwenye seva. Mtu anaweza kusema nusu kilo ni nini. Chukulia bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, 0.4 ni shilingi 1,200, ni mboga ya siku hiyo nyumbani kwa mtu, na sio yetu kuamua kwamba ni ndogo. Bahati apu haifuti mzigo ukishatumwa, inaubakiza kwenye simu siku saba, na kila mzigo una namba yake ya kipekee inayotengenezwa na simu, kwa hiyo ukitumwa mara ya pili seva haiongezi mpya, inasahihisha ule ule. Jumamosi saa moja asubuhi tukaanza kupiga simu, makarani tisa, kila mmoja tunamwomba aende sehemu yenye mtandao abonyeze "Tuma upya" ya jana. Dogo alipiga zote mwenyewe, nilimwambia tugawane akakataa. Kila simu alianza na "Shikamoo, jana kosa lilikuwa la kwetu sio lako," maana wale makarani ndo waliosimama mbele ya watu.

Desimali zikaanza kurudi moja moja. Kwa kila iliyorudi tukatuma meseji ya kusahihisha, inataja kabisa kwamba ujumbe wa jana jioni ulikosewa na uzito sahihi ni huu, kwa sababu ukituma namba mpya kimya kimya mtu anabaki na meseji mbili zinazopingana na hajui aamini ipi.

Jumatatu hatukudiploi. Jumanne saa tatu asubuhi, makarani wakiwa kwenye mizani na seva imetulia, dogo alipeleka kazi yake upya. Kolamu ya `uzito` haikuguswa kabisa. Aliongeza nyingine, `uzito_gramu`, msimbo mpya ukawa unaandika zote mbili kwa pamoja, na njia ya simu na ya wavuti zote zinapita kwenye kipande kimoja cha msimbo kinachozidisha. Rekodi za zamani zikajazwa gramu zake, ripoti zikaanza kusoma kolamu mpya. Ukitaka kurudi nyuma unarudisha msimbo tu, wa zamani unakuta kilo zake zipo pale pale kwenye `uzito`, na mizigo iliyoingia katikati nayo ipo. Tulijaribu kweli kurudi, saa nne asubuhi ile ile, kwa makusudi, pamoja na `queue:restart`, tukakaa dakika kumi na toleo la zamani, mizigo miwili ikaingia, tukaenda mbele tena tukajaza gramu zake. Ile kolamu ya zamani itaondolewa msimu ukiisha, mnada wa mwisho ukishapita.

Karani mmoja simu yake ilikuwa imezima tangu Ijumaa usiku na kwao umeme ulikuwa umekatika, alikuwa na mizigo kumi na moja kati ya ile 143. Jumapili mchana akatumia simu ya jirani kutupigia picha daftari lake la nakala, ile karatasi ya kaboni ya bluu, maandishi yamefifia kidogo. Dogo aliikuza picha kwenye laptopu akawa anasoma kwa sauti, mi naandika, halafu tukabadilishana nikawa nasoma yeye anahakiki. Wa kumi na moja kwenye databesi ulikuwa 72. Kwenye karatasi, 71.6.

"Huyu tulimzidishia," akasema.

Nikamwambia andika ya karatasi. Akaandika.